Kibao chenye jina la rafiki yako

"Jambo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, nina miaka 34. Nina rafiki tuliyesoma naye tangu sekondari, mimi ndiye nilikuwa namkopesha madaftari. Aliacha ualimu miaka mitatu iliyopita, akaanza kushona sare za watoto nyumbani kwake. Mwezi uliopita amefungua ateliye kule komini ya Kenya, hapahapa mjini, kibao kina jina lake, na wasichana watatu wanajifunza kwake. Nilimwandikia 'hongera mupenzi', halafu sikulala. Juzi nikasikia amechelewesha nguo za arusi na mteja amemfokea mbele ya watu. Mama, nilifurahi. Nilifurahi kweli. Sasa namkwepa. Na mimi hata kushona sipendi, sindano inaniudhi! Namwonea wivu wa nini? Nifanye nini na hii roho mubaya?"

Mwanangu, tuanze na sindano. Wengi wanaokuja kwangu na wivu hunitajia wanachokitaka bila kusita: gari, mume, visa. Wewe umenitajia kitu usichokitaka, na bado kinakuchoma. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu wivu ni kama mtoto anayekuvuta kanga sokoni. Anakuvuta upande ulio sawa, lakini ukimwuliza anataka nini, anataja kitu cha kwanza kilicho mbele ya macho yake.

Hilo neno, roho mubaya, liweke kando kidogo. Kwetu huku wivu unakaa jirani sana na bulozi. Biashara ya mtu ikianguka, swali la kwanza mtaani ni nani alikuwa anamwonea wivu. Kwa hiyo mtu akiuhisi, hata akiwa peke yake chumbani, anaufunika haraka kama aliyekutwa na kitu cha wizi. Anasema amechoka tu, au anasema "yule siku hizi anajivuna". Nimewasikiliza watu waliokaa miaka mingi na hilo la kujivuna, mpaka urafiki ukafa, bila kugundua walichokuwa wanakitaka. Wewe umeuita wivu kwa jina lake na hukumsingizia mwenzako chochote. Umeniokolea vikao viwili vitatu.

Sasa jiulize, mbona yeye? Lubumbashi haikosi watu waliokuzidi. Kuna wa migodini, kuna wenye malori yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa, kuna nyumba za mtaa wa Golf ambazo ukuta wake peke yake ungejenga nyumba yako. Sidhani kama hao wamewahi kukunyima usingizi. Mwanasaikolojia Mmarekani Abraham Tesser alilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Katika jaribio alilofanya na mwenzake mwaka 1980, waliwaita watu waje na marafiki zao, wakawachezesha mchezo wa kubahatisha maneno ambapo mmoja humpa mwingine vidokezo. Walipoambiwa kuwa mchezo hauna maana yoyote, waliwasaidia marafiki zao kuliko watu wasiowajua. Walipoambiwa kuwa mchezo unapima uwezo wa akili, mambo yakageuka, wakawapa marafiki zao vidokezo vigumu kuliko walivyowapa wageni. Ni watu wa kawaida kabisa, wala hakuna aliyewachokoza.

Maelezo ya Tesser ni mepesi. Ili mafanikio ya mtu yakuchome, vitu viwili vikutane: mtu awe karibu nawe, na jambo lenyewe liwe katika yale unayojipimia. Kimoja kikikosekana, hakuna moto. Rafiki yako angekuwa bingwa wa kuogelea, ungetembea na picha yake kwenye simu ukiwaonyesha watu, "huyu nimesoma naye". Ukaribu upo, huo hatuutafuti. Kushona hujipimii nako, umesema mwenyewe. Basi ndani ya ateliye ile kuna kitu kingine ambacho unajipimia nacho, na wivu wako umekiona kabla yako.

Ile furaha ya nguo za arusi nayo inasomeka. Mwaka 2009 mtafiti Mholanzi Niels van de Ven na wenzake waliandika juu ya aina mbili za wivu, ambazo lugha yao ina neno kwa kila moja. Wazee wetu wasingeshangaa, kwani Kiswahili kina ghera na kina husuda. Mwenye ghera anataka kupanda afike alipo mwenzake. Mwenye husuda anataka mwenzake ashuke. Uchungu ni uleule wa kuachwa nyuma, lakini njia inagawanyika kwa maswali mawili ambayo moyo unayajibu bila kukuuliza: je, anastahili alichopata? Na je, mimi ningeweza kukifikia? Ukiona anastahili na unaweza, unakunja mikono ya nguo. Ukiona hastahili, au ukiona huwezi hata ujaribuje, unaanza kusubiri ateleze.

Katika barua yako hakuna neno hata moja la kusema hastahili. Umeandika kuwa alianza na sare nyumbani kwake, na mtu anayeandika hivyo anajua mwenzake ameokota shilingi kwa shilingi. Basi linabaki swali la pili. Mahali fulani umeshaamua kwamba mlango huo kwako umefungwa. Ndiyo maana mteja alipomfokea ulipumua. Nadhani kulikuwa na sentensi chini ya ile furaha, na sentensi hiyo haimhusu yeye hata kidogo: "Kama hata yeye anashindwa, basi mimi kutojaribu si aibu." Iangalie kama inafanana na yako. Ikifanana, tayari umejua jambo moja: kuna kitu ungependa kukijaribu na hujakijaribu.

Kipi? Hapo sikubali majibu ya haraka, yako wala yangu. Nunua daftari dogo, la kurasa 32 linatosha, ulibebe siku kumi na nne. Kila unapochomwa, hata kidogo, andika mistari mitatu. Kwanza, saa na mahali. Pili, nini hasa macho yako yaliona au masikio yako yalisikia. Tatu, sentensi iliyokuja kichwani, jinsi ilivyokuja, hata kama ni mbaya. Usiandike "nimeona wivu kwa sababu ya ateliye yake". Andika "amemshika msichana mkono akimwonyesha kukata shingo ya shati". Tofauti ni kubwa. Tukikumbuka mambo kwa jumla tunakumbuka kile ambacho kila mtu angetaka, yaani pesa na sifa. Tukiandika papo hapo tunapata kile ambacho ni chetu.

Nikupe mfano wa fundi mmoja wa kuchomea vyuma, ambaye nimembadilisha kidogo ili mkewe asimjue. Alikuja akiwa amekwisha kuamua: anataka kazi ya mgodini kama rafiki yake. Walijifunza ufundi kwa bwana mmoja, wakaachana, rafiki akachukuliwa na kampuni inayofanya kazi za mgodi, yeye akabaki na kibanda chake Ruashi. Alikuwa ameshampa mtu wa kati dola 150 amwingize. Alipokuja kwangu hakuja kutibiwa wivu, alikuja kwa sababu alikuwa hasemi na rafiki yake na mkewe amechoka kuwa mjumbe kati ya nyumba mbili.

Baada ya siku kumi na nne alileta daftari lenye michomo kumi na moja. Tukaisoma pamoja. Pesa ilikuwemo mara mbili, mara moja kwa sababu ya mifuko minne ya simenti iliyoteremshwa mbele ya nyumba ya rafiki. Gari lilikuwemo mara moja. Minane iliyobaki ilifanana kwa namna ambayo hakuna kati yetu aliyeitarajia. Mitano ilitokea saa kumi na moja na nusu jioni, basi la wafanyakazi linapowashusha. Rafiki anashuka na mkoba, anaoga, anatoa kiti, anakaa mlangoni. Mchomo mwingine ulikuwa wa maneno ya rafiki, "Jumapili mimi siko kazini." Na katika mstari wa tatu, karibu mara zote, sentensi ilikuwa ileile kwa mavazi tofauti: huyu siku yake imekwisha. Tulipokuwa tunasoma hayo, simu ya fundi ililia mara nne. Wateja. Ya nne akaitazama, akaitazama daftari, akacheka mwenyewe.

Nikaanza kumtolea kitu kimoja kimoja, kama unavyomenya kitunguu. Chukua mshahara wa rafiki yako, nikamwambia, lakini kila asubuhi uamke hujui nani atakuletea geti. Akakataa kabla sijamaliza. Haya, chukua gari lake, lakini simu ilie mpaka saa nne usiku. Akakataa. Basi baki na pesa unayopata leo, lakini uijue tangu tarehe moja, na saa kumi na moja jioni simu ifungwe. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Hata ikipungua kidogo."

Maneno hayo ndiyo ninayoyasubiri kwa kila mtu. Mtu akianza mwenyewe kutaja bei ambayo yuko tayari kulipa, bila kuulizwa, tumefika. Kitu tunachokitamani kwa kuwa kinang'aa tu hatukitajii bei, tunakitaka bure.

Yule fundi hakwenda mgodini. Alizungumza na shule mbili awe anatengeneza madawati na mageti yao kwa malipo ya kila mwezi. Moja ililipa vizuri, nyingine ilianza kuchelewesha kufika mwezi wa pili, akaiacha akatafuta parokia. Simu akaifunga jioni. Mwezi wa kwanza mapato yalishuka kama sehemu moja ya tano, na wateja wawili wa zamani wakahamia kwa mwingine. Anakaa mlangoni jioni sasa, na rafiki yake anapita, wanazungumza. Gari bado linamchoma. Na zile dola 150 hazikurudi.

Nimekueleza kirefu kwa sababu angefuata wivu wake kama ulivyojitangaza, angetumia miaka kutafuta kazi asiyoitaka. Wewe unaweza kufanya kosa hilohilo kwa kununua cherehani.

Ila daftari lina udhaifu wake na lazima niuseme. Wivu unaona upande wa mbele wa duka. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman waliwauliza wanafunzi wa vyuo katikati mwa Marekani, ambako baridi huwa kali, kama watu wa Kalifonia wana furaha kuwazidi. Wakasema ndiyo, bila shaka, kule jua linawaka. Wanafunzi wa Kalifonia walipoulizwa juu ya maisha yao wenyewe, hawakuwa wameridhika zaidi. Mtu akikitazama kitu kimoja, kitu hicho kinajaa kichwa kizima, na foleni, kodi, na ugomvi wa nyumbani vinasahaulika. Picha za ufunguzi wa ateliye ni jua la Kalifonia. Hakuna anayeweka kwenye stetasi kitambaa alichochukua kwa mkopo, au umeme uliokatika shati likiwa nusu kwenye mashini, au Agosti nzima ya mashati meupe na sketi za bluu ambazo wazazi wote wanazitaka wiki moja kabla ya shule kufunguliwa.

Kwa hiyo ile habari ya mteja aliyefoka, usiifute kwa aibu. Iandike upya kwenye daftari, safari hii kama bei. Kuwa na kibao chenye jina lako maana yake ni kwamba siku nguo zikichelewa, watu wanajua jina la kufokea. Ukiisoma hivyo na bado unahisi kuvutwa, ni hamu ya kweli. Ukihisi "aa, basi, hiyo siitaki", umeokoa pesa.

Jambo jingine la kukutahadharisha: mchomo wa saa tano usiku, kitandani, baada ya siku ndefu, picha kumi za watu kumi, hauna uzito sawa na ule wa mchana. Uandike, lakini weka alama pembeni. Na ukiona daftari linajaa watu wote, rafiki, jirani, muuza maandazi, mtoto wa dada yako, na kwa zaidi ya wiki mbili hulali vizuri, chakula hakina ladha, hata vitu ulivyokuwa unavipenda vimepoa, hapo hatuzungumzii wivu tena. Nenda ukaonane na mtu wa tiba ya akili, kwa sababu sonona nayo hutufanya tuone kila mtu ametupita.

Na kuna swali ambalo sikuweza kulijibu kutoka kwenye barua yako: unalipwa? Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, ile prime, nyongeza ya mshahara iliyokuwa inatoka kwa wazazi, ilikatwa, madarasa yakajaa, na wapo walimu wanaofundisha kila siku huku majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara. Kama wewe ni mmoja wao, basi sehemu kubwa ya uchungu wako haina fumbo lolote. Mwenye njaa akimwonea wivu anayekula, hatumpi daftari. Tatizo hilo linatatuliwa kwa njia za mshahara na kipato, na ukilichanganya na mambo ya moyo utajilaumu bure. Hata hivyo, nina sababu ya kudhani si hilo tu, maana katika barua nzima hukutaja pesa yake hata mara moja.

Ulichotaja ni vitu vitatu: kibao, kuacha ualimu, na wasichana watatu. Hao wasichana hawakuwa na kazi yoyote katika swali lako. Ungeweza kuwaruka na ningekuelewa. Uliwahesabu. Na kabla ya hapo, ulinikumbusha kwamba wewe ndiye uliyekuwa unamkopesha madaftari.

Hapo naona njia mbili, na sijui iliyo yako. Ya kwanza ni cheo. Wewe ulikuwa wa mbele, yeye akinakili kazi zako, na leo aliyekuwa mwanafunzi wako ana wanafunzi. Kama ni hiyo, unachokitaka ni mpangilio wa zamani urudi, na hakuna kitu cha kujenga juu ya hilo. Linapoa polepole likiachwa. Njia ya pili ni kwamba umeona aina ya kufundisha ambayo wewe, mwalimu, huipati. Wewe unafundisha watoto waliobanana kwenye madawati, walioletwa na wazazi wao, kwa ratiba iliyoandikwa na mtu mwingine. Yeye anafundisha watatu, wakubwa, waliokuja kwa miguu yao, na anaona kwa macho mkono wa jana ukinyooka leo. Ungekuwa unampenda mwanafunzi kama huyo? Nadhani unajua jibu, mwalimu.

Kuna njia ya kuzitenganisha hizo mbili. Fikiria kesho asubuhi unaambiwa ateliye imefungwa kabisa, kibao kimeteremshwa, wasichana wamerudi kwao, na rafiki yako ameomba arudishwe shuleni. Kaa na habari hiyo dakika tano, ile pumzi ya kwanza ya afueni ikupite. Halafu tazama: ile hamu bado ipo? Kama imezimika pamoja na kibao, ilikuwa cheo. Kama imebaki, sasa haina mtu wa kumtazama lakini bado inavuta, ni yako.

Nalijua jaribio hili kwa sababu lilinikuta mimi. Mwenzangu mmoja wa kazini alipata nafasi ya kwenda kusoma udaktari wa falsafa ng'ambo, nami kwa miaka miwili nikawaambia watu kwamba ninatafuta nafasi kama hiyo. Nilikusanya fomu. Kisha akarudi bila kumaliza, kwa mambo ya familia, na nikagundua kwa mshangao kwamba uchungu wangu haukupungua hata chembe. Kumbe sikuwa nautaka udaktari. Nilikuwa nautaka mlango aliokuwa akiufunga asubuhi akisoma bila mtu kumwita "mama". Leo nina Alhamisi asubuhi, ofisi imefungwa, simu iko kwa dada yangu. Fomu nilizitupa.

Kuhusu kumkwepa, acha wiki hii, kwa sababu ya kazi tu kama si ya upendo: ukimkwepa huwezi kujua bei halisi, utabaki na picha. Usiende kuungama. "Nimekuwa nikikuonea wivu" katika mji wetu ni maneno ambayo mtu anaweza kuyasikia vingine kabisa, na siku mashini yake ikiharibika atayakumbuka. Nenda Jumamosi mchana, wateja wakipungua, ukae kwenye kiti cha pembeni, umwulize swali moja jembamba. Si "umefanikiwaje?", hilo litakuletea hotuba. Mwulize, "Yule msichana wa kwanza alikujaje? Siku ya kwanza ulimpa kazi gani?" Halafu sikiliza wapi masikio yako yanasimama. Akisimulia jinsi alivyomlipia mwenye nyumba miezi ya mbele nawe ukapiga miayo, andika. Akisimulia msichana aliyefumua mshono mmoja mara sita ndipo akanyoosha, nawe ukajikuta unauliza "halafu?", andika hilo pia.

Siku nyingine, mkiwa mmezoeana tena, unaweza kumwambia ukweli mdogo: kwamba picha zake zilikufanya ujiulize juu ya kazi yako mwenyewe. Huo ni ukweli, na hauna sumu.

Na kama daftari litaelekeza kwa wasichana, usiache kazi. Rafiki yako alianza na mashini moja nyumbani, nawe anza na kidogo kuliko hapo. Katika mtaa wako hawakosekani kina mama watatu wanaotaka kujua kusoma vizuri, au kuandika Kifaransa cha kujazia karatasi za ofisi bila kumlipa mtu. Watafute watatu tu. Jumamosi sita, saa moja na nusu kila mara, sebuleni kwako au kwenye chumba cha kanisa, bila malipo mara tatu za kwanza, kisha walipe kiasi kidogo ili ujue kama wanarudi wakitakiwa kutoa. Gharama yako ni chaki, ubao mdogo, na Jumamosi zenyewe. Mmoja ataacha, hiyo ni kawaida, usiisome kama ishara. Soma hii: Ijumaa jioni ya wiki ya tano, ukiwa umechoka na darasa lako la kila siku, unapokumbuka kwamba kesho wanakuja, mwili wako unafanya nini?

Kibao kiache kwanza. Ukijikuta umechagua rangi ya maandishi kabla mwanafunzi wa kwanza hajaketi, rudi kwenye lile jaribio la ateliye iliyofungwa, ulifanye upya, kisha uniandikie.